Simu inaonyesha hedifoni na hakuna kilichochomekwa: kujua kama ni unyevu kwenye tundu, na namna ya kuuondoa

Dalili ya kwanza huwa ni ukimya. Unapiga simu, sekunde zinahesabika kwenye skrini, upande wa pili mtu ameshapokea, lakini husikii neno. Unafungua video, picha zinakwenda bila sauti. Ukiangalia juu ya skrini unakuta alama ya hedifoni, ilhali tundu ni tupu. Halafu mtu anakupigia, na simu inalia vizuri kabisa kwa spika yake.

Hilo la mwisho ndilo la kushika, kwa sababu linakuondolea hofu mapema. Simu nyingi hutoa mlio wa kupigiwa kwenye spika hata hedifoni zikiwa zimechomekwa, ili usiikose simu ukiwa umezivua. Kwa hiyo kama mlio unasikika na muziki hausikiki, spika yako ni nzima. Usikubali kuuziwa spika mpya. Shida ni kwamba simu imeamini kuna kitu ndani ya tundu, na sauti yote inapelekwa huko.

Mwongozo huu unahusu zaidi tundu la duara la milimita 3.5, kwa sababu ndilo linalodanganyika kirahisi. Tundu la USB-C lina sehemu yake kuelekea mwisho, kwani lenyewe hupima unyevu kwa namna nyingine.

Simu inajuaje kuwa hedifoni zipo

Ndani ya tundu la duara kuna ndimi nyembamba za chuma. Ukiingiza jeki ya hedifoni, kila ulimi unakaa juu ya pete yake: mmoja wa sauti ya kushoto, mmoja wa kulia, mmoja wa ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, na mmoja wa maiki. Zaidi ya hizo kuna ulimi mwingine ambao haubebi sauti. Kazi yake ni kuiambia simu kwamba jeki imeingia.

Simu huupelekea ulimi huo volti kidogo kupitia kikinzani, yaani kijisehemu kinachobana umeme usipite mwingi, kisha inatazama kama volti hizo zinabaki juu au zinashuka. Tundu likiwa tupu na kavu, umeme hauna pa kwenda, volti zinabaki juu. Jeki ikiingia, ulimi wa kupima unagusana na ulimi wa kushoto kupitia ncha ya jeki, na umeme unapata njia ya kushuka hadi ardhi kupitia spika ndogo iliyo ndani ya hedifoni, ambayo ukinzani wake, yaani kiasi inavyouzuia umeme, kwa kawaida ni omu 16 hadi 32. Volti zinashuka, simu inaonyesha alama.

Kuna matundu yaliyoundwa kinyume. Humo ulimi wa kupima hukaa umeugusa mwenzake muda wote, na jeki ikiingia inazitenganisha. Simu ya aina hiyo haisubiri zigusane, inasubiri ziachane. Tofauti hii itatufaa baadaye.

Simu ikishaamini kuwa kuna jeki, inapima mstari wa maiki. Kwa simu za Android vipimo vyake vinajulikana: ukinzani wa omu 1,000 na zaidi huhesabiwa kuwa maiki. Ukinzani mdogo kuliko huo huhesabiwa kuwa kitufe kilichobonyezwa kwenye waya. Omu 70 kushuka chini ni kitufe cha kucheza na kusimamisha, kati ya 110 na 180 ni cha kumwita msaidizi wa sauti, kati ya 210 na 290 ni kuongeza sauti, na kati ya 360 na 680 ni kupunguza.

Kwa hiyo simu haioni hedifoni. Inaona omu. Chochote kitakachoweka omu zinazokubalika kati ya ndimi hizo, kwa simu ni hedifoni.

Unyevu unavyojifanya hedifoni

Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana. Tone la maji ya mvua likikaa kati ya ulimi wa kupima na ulimi wa ardhi, ukinzani wake unaweza kuwa mkubwa kiasi kwamba simu yenye kipimo makini inalipuuza. Baadhi ya simu zina ndimi mbili za kupima, mmoja upande wa ncha ya jeki na mwingine upande wa ardhi, na hazikubali mpaka zote mbili ziseme ndiyo. Zimetengenezwa hivyo hasa kwa ajili ya unyevu.

Lakini maji yanayoingia kwenye tundu la simu si safi mara nyingi. Ni jasho, ni maji ya bahari, ni soda, ni maji ya sabuni. Haya yana chumvi au vitu vingine vilivyoyeyuka, na hivyo ndivyo vinavyobeba umeme. Tone la jasho linaweza kushusha ukinzani kiasi cha kutosha simu iseme hedifoni zipo, na likisambaa hadi mstari wa maiki, linaanza kubonyeza vitufe visivyokuwepo. Muziki unaanza wenyewe. Sauti inapanda na kushuka. Msaidizi wa sauti anachomoza katikati ya mazungumzo. Watu wengi hudhani simu imeingiwa na virusi. Ukiona vituko hivyo pamoja na alama ya hedifoni, fikiria unyevu kwanza.

Kuna jambo jingine baya zaidi linaloendelea kimyakimya. Volti zikiwa juu ya chuma chenye maji ya chumvi, chuma huanza kuliwa. Ndimi hupakwa dhahabu nyembamba sana, na ukoko wa kutu ukishaanza kwenye mchubuko wa dhahabu hiyo, haurudi nyuma maji yakikauka. Ndiyo maana saa za mwanzo zina thamani kuliko siku zinazofuata, na ndiyo maana simu iliyolowa huzimwa.

Kwanza, ondoa yasiyohusika

Kama simu imetoka kulowa sasa hivi, ruka sehemu hii: izime na uende kwenye kukausha. Kama haina historia ya kulowa, fanya haya mawili.

Zima Bluetooth. Inachekesha, lakini hedifoni zisizo na waya zilizosahaulika kwenye begi zikiwa zimewaka huleta alama inayofanana sana. Alama ikiondoka, umemaliza.

Isipoondoka, zima simu kabisa kisha uiwashe, ukiangalia sehemu ya juu ya skrini. Simu inapowaka inapima tundu upya. Alama ikipotea na isirudi hata baada ya saa kadhaa, basi programu ilikuwa imebaki na kumbukumbu ya jeki iliyochomolewa vibaya, na hakuna cha kusafisha. Ikitokea mara tu simu inapowaka, kuna kitu halisi ndani ya tundu. Kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakutasaidia hapo. Utapoteza picha zako na alama itabaki palepale.

Soma dalili kabla ya kuingiza kijiti

Wengi hukimbilia kuchokonoa. Tumia dakika chache kutazama, kwa sababu unyevu, uchafu na ulimi uliopinda vina tabia tofauti.

Unyevu hubadilikabadilika. Alama inakuja na kuondoka bila simu kuguswa, au inakuja ukigeuza simu tundu likawa juu na kuondoka ukiliinamisha. Asubuhi ni nzuri, ukitoka mazoezini ni mbaya. Vitufe hewa vinajibonyeza.

Uchafu hautikisiki. Nyuzinyuzi za mfukoni husukumwa na jeki hadi mwisho wa tundu na kushindiliwa humo. Dalili yake ni kwamba hedifoni halisi haziingii mpaka mwisho, au zinaingia lakini sauti inatoka upande mmoja. Kwenye tundu la aina ya kuachana, uchafu huo ukiingia kati ya ulimi na mwenzake unazitenganisha kama jeki ingefanya, hivyo alama inakaa siku zote, simu ikiwa kavu kabisa.

Ulimi uliopinda au ulioliwa na kutu hubadilika kwa kuguswa. Ukichomeka jeki na kuichomoa alama inapotea kwa muda, kisha inarudi. Ukiibana simu karibu na tundu inabadilika.

Mulika tochi ndani ya tundu ukitazama kwa pembe. Mng'ao unaosogea ukigeuza simu ni maji. Kijivu kilichoshonana chini ni nyuzi. Unga mweupe ni chumvi iliyokauka, na ukijani au weusi kwenye chuma ni kutu.

Kukausha

Zima simu na uondoe kila kilichochomekwa, chaja ikiwemo. Kisha uishike tundu likiangalia chini na uipige taratibu kwenye kiganja cha mkono wako mara kadhaa. Si kuitikisa kwa nguvu. Tikiso kali huhamisha maji kutoka kwenye tundu kwenda ndani ya simu, hasa kwa simu isiyozibwa dhidi ya maji.

Futa nje kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Usiingize pamba wala karatasi ndani ya tundu. Karatasi huacha vipande, na pamba hunyonya maji kidogo huku ikiyasukuma mengine nyuma ya ndimi, mahali ambapo hewa haifiki.

Iweke simu mahali pakavu penye hewa inayopita, tundu likitazama chini au pembeni. Feni yenye hewa ya kawaida ikielekezwa kwenye tundu inasaidia. Hapa subira ndiyo kazi yenyewe. Tundu la USB-C lililo wazi huweza kukauka kwa nusu saa. Tundu la duara ni refu, jembamba, na upande mmoja limezibwa, kwa hiyo maji yaliyoshikwa nyuma ya ndimi yanaweza kukaa hadi siku nzima. Ukiiwasha baada ya saa moja na alama bado ipo, hujashindwa. Izime tena na uiache hadi kesho yake.

Ukiwa na vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa, weka simu pamoja navyo kwenye chombo kinachofungwa vizuri. Vinakausha hewa ndani ya chombo, na hewa kavu inavuta maji kutoka kwenye tundu.

Mchele uache jikoni. Hauvuti maji yaliyo ndani ya tundu kuliko hewa ya kawaida inavyofanya, na unga na vipande vyake huingia humo na kugeuka uji. Apple wenyewe wanaonya watumiaji wa iPhone wasifanye hivyo. Mashine ya kukaushia nywele nayo ina madhara mawili: joto lake hulegeza gundi inayoziba simu, na upepo wake husukuma maji ndani. Hewa ya kopo yenye mgandamizo ina kasoro hiyohiyo ya pili.

Na usichomeke hedifoni "kuona kama imepona" wakati tundu bado lina maji. Jeki inabeba maji kutoka mdomoni mwa tundu na kuyapaka kwenye kila ulimi.

Alama inapoondoka na kurudi: hapa ni chumvi

Sehemu hii ndiyo inayowachosha watu. Simu imekaushwa siku nzima, alama imeondoka, kila kitu kizuri. Siku tatu baadaye mvua inakaribia, au simu imekaa mfukoni kwenye joto la mwili, na alama imerudi. Hakuna maji yaliyoingia. Mwenye simu anaapa, na anasema kweli.

Maji yalipokauka, chumvi ilibaki. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75 chumvi hiyo huyeyuka yenyewe na kuwa tone dogo la maji ya chumvi, papo hapo kati ya ndimi. Hewa ikikauka, tone linakuwa unga tena na alama inazimika. Jasho lina vitu vingine vinavyonyonya unyevu pia. Simu ya namna hii utaikausha mara kumi na haitapona, kwa sababu tatizo si maji tena. Inabidi chumvi itolewe.

Inatolewaje? Inategemea simu.

Kama simu imethibitishwa kuhimili maji, tuseme ina daraja la IP67 au IP68, haijawahi kufunguliwa wala kupasuka kioo, baadhi ya watengenezaji huruhusu kuisuuza kwa maji safi ya bomba baada ya kuingia maji ya chumvi. Izime, pitisha maji yatiririkayo polepole kwenye tundu kwa muda mfupi bila kasi wala sabuni, kisha urudi kwenye kukausha tangu mwanzo. Watu huogopa kulowesha simu ili kuiponya, lakini maji safi ndiyo yanayoyeyusha chumvi.

Kama simu haina daraja hilo, au imeshawahi kufunguliwa na fundi, usiisuuze. Kufunguliwa huharibu uzibaji hata kama imefungwa vizuri kwa macho. Hapo tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Mafundi hupenda ile ya asilimia 99 kwa kuwa hukauka haraka na haina maji, nami nakubaliana nao kwa mafuta na uchafu wa gundi. Kwa chumvi, ile kali inafanya kazi hafifu, maana chumvi karibu haiyeyuki kwenye alkoholi tupu. Ile ya 70 ina maji yake ndani yanayoyeyusha chumvi, na alkoholi inasaidia yakauke upesi.

Namna ya kuitumia: chukua kijibrashi cha kusafishia katikati ya meno, kile chembamba kabisa, lakini angalia kiini chake. Vingi vina waya katikati. Tafuta chenye waya uliofunikwa kwa plastiki au chote cha mpira laini. Kichovye, kikung'ute mpaka kisidondoshe, kiingize polepole hadi mwisho, kizungushe mara moja au mbili, kitoe, kifute kwenye kitambaa. Rudia mpaka kitambaa kibaki safi. Simu iwe imezimwa, tundu likitazama chini ili kinachoyeyuka kitoke nje. Kisha iache ikauke kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Kama ulichoona kwa tochi ni nyuzi, usianze na alkoholi, kwani itazishindilia. Zitoe kwanza zikiwa kavu, kwa kijiti cha meno cha mbao kilichochongwa ncha kuwa bapa. Kipitishe pembeni ya ukuta wa tundu hadi chini, kisha vuta nje kwa kuzungusha. Sindano na pini za chuma hapana. Zinakwangua dhahabu, na betri ikiwa bado ndani ya simu zinaweza kuunganisha mistari isiyopaswa kuungana.

Tundu likiwa kavu na safi, ndipo ule ushauri maarufu wa kuchomeka na kuchomoa jeki mara kadhaa una maana. Jeki inasugua ukoko mwembamba kwenye ndimi na kuurudisha mahali pake ulimi uliokwama. Kwenye tundu la aina ya kuachana, mara nyingi hili pekee linatosha. Kwa tundu lenye maji, ushauri huohuo unaharibu.

Simu moja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue simu ya mtu anayekimbia jioni, simu ikiwa kwenye mfuko wa mkononi na hedifoni za waya. Jumatatu anarudi amelowa jasho, anachomoa hedifoni, alama inabaki. Wakati huohuo muziki unaanza na kusimama wenyewe. Mwenyewe anaizima na kuiwasha, alama inarudi mara tu skrini inapowaka. Bluetooth imezimwa. Mlio wa simu unasikika.

Mpaka hapo tunajua haya: spika ni nzima, programu haihusiki, na mstari wa maiki unasoma chini ya omu 70 kwa vipindi, ndiyo maana kitufe cha kucheza kinajibonyeza. Ukinzani mdogo namna hiyo si wa maji ya mvua. Ni maji yenye chumvi nyingi.

Anaipiga kiganjani, anaiacha mbele ya feni usiku kucha. Jumanne asubuhi alama haipo. Kama angesimama hapo, angekuwa na furaha mpaka hewa nzito ya Alhamisi. Na kweli Alhamisi alama inarudi, safari hii bila muziki kujianzia wenyewe. Tofauti hiyo inasema kitu: unyevu ni mchache, unafika ulimi wa kupima lakini mstari wa maiki unasoma zaidi ya omu 1,000, kwa hiyo simu inaona hedifoni zenye maiki na hakuna kitufe kilichobonyezwa.

Anamulika tochi. Unga mweupe mdogo kwenye ukuta, nyuzi chache chini, hakuna ukijani. Simu haina daraja la kuhimili maji, hivyo hakuna kusuuza. Anatoa nyuzi kwa kijiti, anapitisha kijibrashi chenye alkoholi ya 70 mpaka kitambaa kibaki safi, anaiacha ikauke hadi usiku. Akiiwasha, haitoshi kuona alama haipo, kwa sababu hata Jumanne haikuwepo. Kipimo cha kweli ni kuipeleka kwenye unyevu: anaiacha nje ya bafu, karibu na mlango, wakati mtu anaoga maji ya moto, kisha anaangalia. Alama isipotokea hapo, chumvi imetoka. Ikitokea, anarudia kusafisha mara moja zaidi, na ikishindikana anafikiria kutu.

Wakati unasubiri, sauti utaipataje

Kwenye simu ya kuongea, bonyeza kitufe cha spika kilicho kwenye skrini. Kinafanya kazi hata alama ikiwepo. Kwa muziki, iPhone na simu nyingi za Android za karibuni zina sehemu ya kuchagua sauti itoke wapi, kwenye paneli ya kidhibiti cha muziki. Spika au hedifoni za Bluetooth nazo hupita pembeni ya tundu kabisa. Kuna programu za kulazimisha sauti iende kwenye spika. Zinasaidia kwa siku mbili tatu, ila zinakuficha dalili, na kutu haisubiri.

Tundu la USB-C

Hapa simu ina pini 24 kwenye ulimi mdogo wa katikati, na namna ya kutambua hedifoni ni ya tahadhari zaidi. Pini mbili ziitwazo CC hupimwa kila mara. Hedifoni za analogia zinazotumia tundu hili hujitambulisha kwa kuziunganisha pini zote mbili za CC na ardhi kwa ukinzani mdogo, usiozidi omu 1,200. Ni lazima zote mbili, tena zote ziwe chini kiasi hicho. Tone la maji ya kawaida haliwezi kwa urahisi kutimiza sharti hilo. Kwa sababu hiyo, alama ya hedifoni ikitokea kwenye simu yenye USB-C pekee, nashuku zaidi kipande cha chuma, kutu iliyounganisha pini, au maji ya chumvi kali.

Unyevu wa kawaida hapa huleta onyo lake. Simu hupima ukinzani kwenye pini za CC au jirani zake ziitwazo SBU. Zimechaguliwa kwa sababu nzuri: zimepakana na pini zinazobeba umeme wa chaji. Maji yakiziunganisha, volti 5 au zaidi zitavuja na kula chuma kwa kasi. Simu ikisoma ukinzani usio wa kifaa chochote kinachojulikana, inahesabu kuwa kuna maji au uchafu na inakata umeme wa tundu. Kwenye Android unaweza kuona `Liquid or debris in USB port`, kwenye iPhone yenye tundu hilo `Liquid Detected in USB-C Connector`, na simu za Samsung huonyesha alama ya tone la maji.

Hatua ni zilezile: chomoa, piga kiganjani, hewa inayopita, jaribu baada ya nusu saa, na onyo likirudi iache hadi siku nzima. Chaji isiyo ya waya inaruhusiwa kama mgongo wa simu ni mkavu. iPhone inatoa kitufe cha kulazimisha chaji kwa dharura. Sikishauri kama tundu liliingia maji ya bahari. Ukisafisha kwa kijiti, pita kwenye nafasi kati ya ulimi wa katikati na ukuta, bila kuukandamiza ulimi wenyewe, maana ukivunjika ni tundu jipya. Kagua pia ncha ya waya wa chaji, kwa kuwa maji na kutu vinaweza kuwa upande huo, na utakuwa unaikausha simu kila siku na kuilowesha tena kila usiku.

Kama ni kavu kwa siku kadhaa na onyo linabaki kwenye simu ya Samsung, futa kashe ya programu ya USB kupitia `Settings` > `Apps` > `USBSettings`, ambayo huonekana baada ya kuruhusu programu za mfumo zionyeshwe, kisha uwashe simu upya.

Ukifika kwa fundi

Dalili za kutu zikiwepo, au alama ikikaa palepale baada ya kukausha na kusafisha, kazi imebaki ya fundi. Kwenye simu nyingi tundu liko kwenye bodi ndogo ya chini au kwenye utepe unaochomolewa, si kwenye bodi kuu, hivyo hubadilishwa bila kulehemu kwa risasi mahali pagumu. Kwenye nyingine limeunganishwa moja kwa moja na bodi kuu, na gharama hupanda.

Mwambie fundi simu ililowa nini, lini, na kama vitufe vilijibonyeza. Kisha omba jambo moja kabla ya kukubaliana bei: achomeke kwa muda bodi ndogo au utepe mwingine mzima, awashe simu, mtazame alama. Kuchomoa tu lile la zamani hakutoshi, kwa sababu kwenye matundu ya aina ya kuachana simu isiyo na tundu lolote huamini jeki imeingia. Alama ikipotea kwa kifaa kizima, badilisha tundu. Ikibaki, maji yalipita tundu na kufika kwenye bodi kuu, na tundu jipya halitabadilisha chochote.